Idd Jumatano au Alhamisi? Kisa cha ujumbe wa sikukuu za Aprili 2024

Mazingira

Ofisi inayozungumziwa hapa iko Dar es Salaam. Ina watu kumi na wanane, na karibu kila kazi yake inamgusa mwenzao aliyeko London, Toronto au Mumbai. Jina la shirika na vyeo vya wahusika nimevificha, na siku ambazo ujumbe ulitumwa nimezisogeza kidogo. Tarehe za sikukuu zenyewe nimeziacha kama zilivyokuwa. Mimi nilikuwa upande wa utawala, na ujumbe huu nilishiriki kuuandika tangu mstari wa kwanza.

Kila katikati ya mwezi tulikuwa tukiwaandikia wenzetu wa nje kuwaambia mwezi unaofuata ofisi itafungwa siku zipi. Miezi mingi ni kazi ya dakika kumi. Aprili 2024 haikuwa hivyo, kwa sababu ndani ya mwezi mmoja zilikutana sikukuu za aina zote: Jumatatu ya Pasaka tarehe 1, Siku ya Karume tarehe 7 ambayo ilikuwa Jumapili, Idd el Fitr katikati ya mwezi, na Siku ya Muungano Ijumaa tarehe 26, Muungano ukitimiza miaka 60.

Kulikuwa pia na kazi mbili zisizosubiri. Ripoti ya robo mwaka ilipangwa kupitiwa kwa pamoja na Toronto Ijumaa tarehe 12. Na posho za wenzetu walioko uwandani Mtwara zilitakiwa ziwafikie kabla ya Idd, malipo ambayo mhasibu wetu huyaandaa Dar na mtu wa London huyaidhinisha.

Ujumbe wa kwanza

Ulitumwa tarehe 14 Machi, siku chache baada ya Ramadhani kuanza. Asili yake ilikuwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ulisema hivi:

"Ofisi itafungwa tarehe 1 Aprili (Jumatatu ya Pasaka), 7 Aprili (Siku ya Karume), 10 na 11 Aprili (Idd el Fitr) na 26 Aprili (Siku ya Muungano). Tarehe za Idd zinaweza kubadilika kutegemea mwandamo wa mwezi."

Hakuna kosa la ukweli hapo. Sote tuliousoma kabla haujatoka tuliona umekamilika, kwa sababu sisi tunajua "kutegemea mwandamo wa mwezi" maana yake nini. Mtu aliyekulia hapa, awe Mwislamu au Mkristo, anajua kwamba jioni ya siku ya ishirini na tisa watu watatazama magharibi, kisha redio na simu zitasikilizwa usiku kucha, na asubuhi ama ni Idd ama ni siku ya thelathini ya mfungo. Hayo yote tuliyabana ndani ya maneno manne tukadhani yamefika.

Majibu yaliyorudi

Wa Toronto aliuliza tarehe zinaweza kubadilika kwa kiasi gani: siku moja, wiki, au zinaweza kuangukia Mei? Akauliza na Muungano nao unaweza kuhama? Swali lake la tatu ndilo lililonifanya nikae chini. Pasaka nayo huhama kila mwaka, alisema, na mnaijua tarehe yake bila wasiwasi. Kwa nini Idd hamuijui?

Wa Mumbai aliandika kwa upole kwamba huenda tumekosea, maana kalenda ya kwao ilionyesha Idd tarehe 11.

Wa London hakuuliza chochote. Kwa sababu hakuuliza tulidhani ameelewa. Kimya hicho nitakirudia baadaye.

Hesabu tuliyoifanya

Swali la Toronto lilitulazimisha kutenganisha mambo mawili tuliyokuwa tukiyaita kwa neno moja, "kubadilika". Pasaka huhama, lakini huhama kwa kanuni ya hesabu, kwa hiyo ya mwaka wowote ujao inaweza kuandikwa leo. Idd el Fitr nayo inahama, ikirudi nyuma siku kama 11 kila mwaka kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 hivi. Ila juu ya kuhama huko kuna jambo la pili: siku yenyewe haithibitiki mpaka mwezi wa Mfunguo Mosi uonekane na tangazo litolewe. Sikukuu ya kwanza inahama lakini inajulikana. Ya pili inahama, na hujulikana usiku wa kuamkia. Mgeni akisikia "inaweza kubadilika" hawezi kujua unamaanisha ipi kati ya hizo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupima kiasi cha shaka. Hapo mwenzetu mmoja, mwalimu wa zamani wa jiografia, alitusaidia sana. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, hauwezi kuwa na 28 wala 31. Wengi nchini walianza kufunga Jumanne tarehe 12 Machi. Siku yao ya ishirini na tisa ingekuwa Jumanne tarehe 9 Aprili. Mwezi ukiandama jioni hiyo, Idd ni Jumatano tarehe 10. Usipoonekana, wanakamilisha thelathini na Idd inakuwa Alhamisi tarehe 11. Siku nyingine haiwezekani.

Palikuwa na waliofunga tangu Jumatatu tarehe 11 Machi, wakifuata mwandamo wa nje ya nchi, na wawili kati yao walikuwa wafanyakazi wetu. Kwao siku ya ishirini na tisa ilikuwa Jumatatu tarehe 8 Aprili, kwa hiyo kwa hesabu tupu Idd yao ingeweza kuwa tarehe 9. Lakini tarehe 8 Aprili ndiyo siku ya kupatwa kwa jua kule Amerika Kaskazini, na jua hupatwa pale tu mwezi unapopita katikati ya jua na dunia, yaani mwezi wa zamani unapokwisha na mpya unapozaliwa. Kwa saa zetu hilo lilitokea baada ya saa 3 usiku. Dar es Salaam jua lilikuwa limezama tangu saa 12 na dakika 25 hivi. Jioni ya tarehe 8 hapakuwa na mwezi mchanga wa kuonekana popote nchini. Jioni ya tarehe 9 ungekuwa umefikisha saa 21 hivi, umri ambao mbingu zikiwa safi huonekana kwa macho.

Kwa hiyo tarehe 10 ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi. Tulijadiliana kama tuwaandikie hivyo na tukakubaliana tusiandike. Hesabu ya falaki inakuambia mwezi unaweza kuonekana. Haikuambii kama mawingu yatakuwepo, wala haitangazi Idd. Kwa Bara tangazo linatoka kwa Mufti kupitia BAKWATA, na ofisi inafuata siku iliyotangazwa. Tungewaambia "karibu hakika ni tarehe 10" wangesoma "ni tarehe 10".

Kisha tukaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho siku zote. Tanzania Bara Idd el Fitr hupewa siku mbili za mapumziko. Ikiwa Idd ni Jumatano, tunafunga Jumatano na Alhamisi. Ikiwa ni Alhamisi, tunafunga Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi tarehe 11 imo kote kuwili. Wiki ile iliyokuwa ikionekana yote ni mashaka ilikuwa na siku moja ya hakika katikati, na shaka ilibaki kwenye siku mbili tu za pembeni yake, ambazo moja ingefungwa na nyingine ingefanyiwa kazi.

Ujumbe wa pili

Ulitumwa tarehe 21 Machi. Sehemu ya Idd ilisomeka hivi:

"Alhamisi 11 Aprili tumefunga kwa vyovyote. Kati ya Jumatano 10 na Ijumaa 12, siku moja tutafunga na nyingine tutakuwa kazini. Hatuwezi kusema ipi kwa sasa, kwa sababu Idd hufuata kuonekana kwa mwezi mpya jioni ya Jumanne 9 Aprili, na hutangazwa usiku huohuo. Tutawaandikia Jumanne hiyo kabla ya saa 23:00 za Dar es Salaam, ambazo ni 21:00 London, 16:00 Toronto, na 01:30 ya Jumatano kwa Mumbai. Tafadhali msipange jambo linalotuhitaji kati ya Jumatano na Ijumaa. Tarehe nyingine zote za mwezi huu ni thabiti."

Kila sentensi pale ina sababu yake. Saa tuliziandika kwa mtindo wa saa 24 kwa kuwa rasimu ya kwanza, iliyofasiriwa haraka kutoka "saa 5 usiku", ilibeba tarakimu 5 vilevile ilivyo. Msomaji wa London angeelewa saa 11 jioni au saa 11 alfajiri, na kwa vyovyote angekosea. Tuliandika saa za kila mji kwa sababu Uingereza ilikuwa inasogeza saa mbele tarehe 31 Machi, na tofauti kati yetu nao ingeshuka kutoka saa tatu hadi mbili katikati ya mambo yote haya.

Maneno "usiku huohuo" nayo yalijadiliwa. Kwetu usiku wa Idd ni usiku unaotangulia siku ya Idd, kwa kuwa siku huanza Magharibi. Wao wakisikia usiku wa Idd hufikiri ni baada ya sherehe. Tukataja Jumanne kwa jina na tarehe kila mahali.

Mumbai tulimjibu peke yake. Kalenda yake haikuwa na kosa: India ina mwandamo wake, na mwaka ule sehemu kubwa ya India ilisali Idd tarehe 11. Tulimwomba tu asitumie kalenda ya kwao, wala ya simu, kuhesabu siku zetu.

Maamuzi mawili tuliyafanya papo hapo badala ya kusubiri mwezi. Kikao cha ripoti tulikiondoa Ijumaa tarehe 12 tukakipeleka Jumatatu tarehe 15. Toronto walipendekeza tukiache hapo na kukifuta ikibidi, tukakataa, maana mtu anayejiandaa kwa kikao ambacho huenda hakipo anapoteza siku mbili, ya kujiandaa na ya kusubiri. Palikuwa pia na wazo kwamba mtu mmoja "aingie kidogo tu" mtandaoni siku ya sikukuu. Mwajiri hapa anapomfanyisha mtu kazi siku ya mapumziko ya kitaifa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka alipe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Tulilisema hilo kwa sentensi moja na ombi likaondolewa.

La pili lilikuwa la ndani. Wafanyakazi wetu wawili waliofunga tangu tarehe 11 Machi wangefikisha thelathini Jumanne tarehe 9, kwa hiyo Idd yao ingekuwa Jumatano bila shaka yoyote. Tangazo lingesema Alhamisi, wao wangekuwa na Idd siku ambayo ofisi iko wazi. Msimamizi wao aliwaruhusu mapema kupumzika Jumatano hiyo, bila kuwauliza wanafuata mwandamo gani na kwa nini.

Usiku wa tarehe 9

Nilibaki na simu mkononi tangu Magharibi. Ujumbe wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa namna mbili tangu mchana, moja ya Jumatano na moja ya Alhamisi, zikisubiri kuchaguliwa. Hili lilikuwa wazo la mhasibu, na lilitufaa, kwa sababu usiku ule kila mtu anapiga simu, watoto wanakimbia nje, na hakuna mwenye utulivu wa kutunga sentensi.

Tangazo lilipotoka kwamba Idd ni Jumatano, tulituma:

"Mwezi umeandama. Idd ni kesho. Tumefunga Jumatano 10 na Alhamisi 11 Aprili. Ijumaa 12 tuko kazini kama kawaida."

Toronto walijibu dakika hiyohiyo kwa salamu za Idd. Mumbai aliusoma asubuhi. Kwa upande wa Idd, ujumbe ulifanya kazi yake yote.

Palipoharibika

Tatizo lilitokea siku ambayo hatukuwa na shaka nayo hata kidogo, Jumatatu tarehe 8.

Siku ya Karume, ya kumkumbuka Sheikh Abeid Amani Karume aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, iliangukia Jumapili. Tanzania sikukuu ikiangukia Jumapili haisogei: Jumatatu yake ni siku ya kazi. Kenya sheria yao inaisogeza hadi siku inayofuata. Uingereza nako wamezoea kupewa siku ya fidia sikukuu inapoangukia mwisho wa wiki. Mwenzetu wa London alisoma "7 Aprili", akaona ni Jumapili, akahitimisha kwamba kama tumeitaja basi lazima ina maana kwa siku za kazi, na akaandika kwenye kalenda yake kwamba Dar imefungwa Jumatatu tarehe 8. Kwa yeye hilo halikuwa jambo la kuulizia, ndiyo maana alinyamaza.

Mhasibu aliweka malipo ya Mtwara kwenye mfumo wa benki Jumatatu saa 4 asubuhi akangoja idhini. London aliona arifa, akaichukulia kuwa imejituma yenyewe, na akaiweka kando mpaka Jumanne. Siku ile tulimwandikia mara moja tu, tukidhani ana shughuli. Jumanne alasiri mhasibu alipompigia simu ndipo mambo yalipofahamika. Aliidhinisha papo hapo, tena kwa kuomba radhi sana. Wenye akaunti kwenye benki yetu walipata pesa jioni ile. Wawili wenye benki nyingine hawakupata. Jumatano na Alhamisi benki zilifungwa, na fedha zao ziliingia Ijumaa, Idd ikiwa imepita. Mmoja wao ana watoto wanne. Tulimtumia kiasi kidogo kwa simu usiku ule kutoka mfukoni mwa watu wa ofisini, akashukuru, lakini nguo za watoto hununuliwa kabla ya usiku ule.

Uchambuzi

Nikiutazama ujumbe wa pili leo, sehemu ya Idd singebadilisha kitu. Iliwapa wenzetu vitu vitatu vya kupangia kazi: siku iliyofungwa kwa hakika, siku mbili za kutoguswa, na saa ambayo jibu litafika. Sababu ya shaka ilitajwa kwa sentensi moja, na ilitosha. Toronto waliniambia baadaye kwamba walipojua mwezi unatazamwa jioni ya Jumanne, na ndio uleule waliouona ukifunika jua siku moja kabla, hawakuhitaji tena kuuliza kwa nini hatujui.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuponza. "Tarehe nyingine zote za mwezi huu ni thabiti" ilikuwa kweli, lakini iliithibitisha tarehe 7 bila kusema lolote kuhusu tarehe 8. Tulielekeza akili yote kwenye sikukuu inayohama kwa mwezi, tukasahau kwamba kuna nchi ambako sikukuu huhama kwa sababu ya Jumapili. Katika kichwa cha mtu wa London, tarehe "thabiti" ya Jumapili ilimaanisha Jumatatu ya mapumziko ambayo nayo ni thabiti.

Na tuliandika siku za kufunga tu. Neno moja kuhusu siku ya kufungua, "Jumatatu 8 Aprili tuko kazini", lingeokoa posho za watu wawili. Tangu hapo kila sikukuu ya kwetu inayoangukia Jumamosi au Jumapili inafuatwa na sentensi ya namna hiyo, na kama haigusi siku ya kazi popote tunasema wazi kwamba imetajwa kwa taarifa tu.

Kuhusu kimya cha London sina uhakika tungefanya nini tofauti kwa ujumbe peke yake. Tulichobadilisha ni upande wa malipo: fedha zozote zinazotakiwa zifike kabla ya sikukuu sasa huidhinishwa siku tatu za kazi kabla, na mhasibu hupiga simu siku ileile asipoona idhini, haandiki.

Jambo moja tuliliacha nje kwa makusudi. Serikali inaweza kutangaza siku ya mapumziko isiyokuwepo kwenye kalenda, kama ilivyokuwa siku ya sensa, 23 Agosti 2022. Hilo haliwezi kupangwa, na kulitaja kila mwezi kungewafanya wenzetu waone kila tarehe yetu ina mashaka. Likitokea tutaandika siku hiyohiyo.

Ujumbe wa Juni uliandikwa kwa namna hiyohiyo, ukiwa na tofauti moja ambayo wa Toronto alishangaa kuisikia. Idd el Adha huwa tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, kwa hiyo mwezi ukishaandama mtu anakuwa na zaidi ya wiki nzima mkononi kabla ya sikukuu. Hapakuwa na usiku wa kukesha na simu. Tuliwatajia jioni ambayo mwezi ungetazamwa, na kesho yake asubuhi, saa 09:00 za Dar es Salaam, wakapata tarehe moja. Malipo ya Mtwara yaliidhinishwa siku hiyohiyo.